Shairi lisilo na nukta linamwachia msomaji kazi gani?

Washairi wengi vijana hapa Mwanza sasa wanaandika bila nukta, bila mkato, herufi zote ndogo. Wanaowapinga huita uvivu. Mimi sikubali. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa kabisa, na hazikupotea njia. Utenzi una mizani nane kwa kila kipande na kina cha kufungia, kwa hiyo sikio linajua pa kupumzika hata jicho lisipoona alama.

Shairi huru halina vina wala mizani ya kulishika mkono. Ukiondoa na alama, kinachobaki ni pale mshororo unapokatika na sarufi yenyewe. Nimetunga mishororo hii ya mfano, mtoto wa Kirumba akizungumza usiku:

mwezi umetoka
mama umerudi
ndoo haina kitu
neema yuko wapi

Herufi ndogo katika "neema" haimsumbui mtu. "Yuko" inatuambia huyu ni binadamu. Ingekuwa neema ya Mungu, tungesoma "iko". Upatanisho umefanya kazi ya herufi kubwa, na mshororo umebaki mwepesi.

Tatizo liko mshororo wa pili. Je, mtoto anauliza, au anamwona mama mlangoni na kumwambia? Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno ili kuuliza. Pasipo neno la kuuliza tunapandisha sauti tu, na kwenye karatasi sauti hiyo ni alama ya kuuliza. Halafu "umerudi" inaweza kuwa ya mama au ya mwezi, maana kiambishi ni kilekile. Mtoto anaweza kuwa anamwambia mama kwamba mwezi umerudi. Kwa watu wa ziwani maana hiyo ina uzito: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka ndoo hubaki tupu.

Utata kati ya mama na mwezi ningeuacha, kwa sababu njia zote mbili zinafika kwenye ile ndoo. Utata wa swali na kauli siutaki. Kama mama hajaonekana, shairi zima ni la hofu. Kama amefika, ni la njaa. Msomaji hawezi kuzibeba zote mbili hadi mwisho, atachagua moja kwa kubahatisha.

Nisingerudisha alama ya kuuliza, maana ikiwa peke yake kwenye ukurasa mtupu itapiga kelele. Ningeandika "je mama umerudi", silabi moja tu, ingawa najua kwa kufanya hivyo nimeufukuza mwezi kwenye mshororo huo. Anayetaka mwezi ubaki aandike "mwezi umetoka mama", kisha "umerudi" chini yake.

Kabla ya kuchapisha, mpe shairi mtu ambaye hujamweleza chochote alisome kwa sauti, kisha mpe mwingine. Sikiliza pale sauti zao zinapoachana, kisha jiulize kama ulikusudia ziachane hapo.