Mwenye nyumba, andika tarehe, futa vitisho

"Nakupa siku 14 uwe umehama, na deni la Februari ulilipe lote. La sivyo nabadilisha kufuli na vyombo vyako utavikuta nje. Usinijaribu."

Aliyeandika hivi huamini amekaza. Mimi naona amempa mpangaji silaha, tena yenye sahihi.

Tuseme upangaji ni wa mwezi hadi mwezi, kodi hulipwa kila tarehe 1, na mkataba unadai notisi ya mwezi mmoja kamili wa kodi. Barua ilikabidhiwa tarehe 12 Machi. Basi hizo siku 14 hazina kazi. Hata angeandika "mwezi mmoja kuanzia leo", angefika tarehe 12 Aprili, katikati ya mwezi ambao mpangaji ameshaulipia. Mwezi kamili wa kodi unaofuata unaanza tarehe 1 Aprili na kuisha tarehe 30. Mwenye nyumba ataona anacheleweshwa, lakini kama alitaka nyumba mwisho wa Machi, barua ilipaswa kufika kabla Machi haijaanza.

Kufuli ndilo kosa kubwa zaidi. Katika nchi nyingi, hata muda wa notisi ukiisha na mpangaji akagoma kutoka, mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa kwa mkono wake. Anakwenda mahakamani au kwenye baraza linalohusika kuomba amri. Akifunga mlango au akikata maji, yeye ndiye anageuka mshtakiwa, na barua yake inasomwa kama ushahidi kwamba alikusudia.

Kuna tatizo la tatu ambalo watu hawalioni upesi. "Uwe umehama, na deni la Februari ulilipe lote" ni mambo mawili katika sentensi moja. Mpangaji akilipa deni kesho yake, bado anatakiwa kuhama? Yeye atasema hapana, mwenye nyumba atasema ndiyo, na barua haiwezi kuwaamua. Deni lipewe barua yake.

Mimi ningeiandika upya hivi:

"12 Machi 2026

Ndugu mpangaji,

YAH: NOTISI YA KUSITISHA UPANGAJI, NYUMBA NAMBA 7

Kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha mkataba wetu, kinachotaka notisi ya mwezi mmoja kamili wa kodi, nakujulisha kwamba nasitisha upangaji wako wa nyumba iliyotajwa hapo juu. Siku ya mwisho ya upangaji ni Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026. Kodi ya Aprili italipwa kama kawaida.

Naomba siku hiyo saa 4 asubuhi tuikague nyumba pamoja, tusome mita, kisha unikabidhi funguo. Amana yako itarejeshwa kama mkataba unavyosema, na kama kutakuwa na makato nitakuandikia ni ya nini na ni kiasi gani.

Saa hiyo isipokufaa, tafadhali nijulishe mapema tupange nyingine.

Wako,
Mwenye nyumba"

Haina hata neno moja la ukali, na bado mpangaji hawezi kusema hakuelewa. Tarehe ya kuondoka imetajwa pamoja na siku ya wiki, hivyo tarakimu ikikosewa itajulikana. Sababu sikuiweka kwa kuwa mkataba huu hauidai. Pale sheria inapoidai, iandikwe kwa sentensi moja ya kweli, bila historia ya ugomvi wa taka na wageni wa usiku. Mahakama sikuitaja pia. Kusema utafuata sheria si kitisho, ila katika barua ya kwanza, kwa mtu ambaye hajakataa kitu, ni kuanza vita mapema.

Chapa nakala mbili. Mpangaji asaini moja penye "Nimepokea" na tarehe, wala usimwekee "Nimekubali", maana wengi hugoma kusaini wakidhani wanatia sahihi ya kufukuzwa. Akigoma hata hivyo, kabidhi mbele ya shahidi atakayeandika siku na saa, au tumia njia nyingine inayotambuliwa na mkataba. Ujumbe wa simu uwe wa kumkumbusha tu, isipokuwa mkataba wenyewe unaukubali.

Halafu kuna mtego wa Mei. Mpangaji bado yumo, anatuma kodi ya mwezi mzima, na mwenye nyumba anaipokea na kukata risiti ya "kodi ya Mei". Hapo mpangaji anaweza kudai kwamba upangaji umeanza upya na notisi imekufa. Kama mmekubaliana akae siku kadhaa zaidi, andikeni tarehe mpya ya mwisho na mtie saini wote wawili kabla fedha haijapokelewa.