Moshi wa Mbeya una saa zake

Wiki hii hapa Salt Lake City, jimbo la Utah, tumekatazwa kuwasha moto wa kuni. Asubuhi simu inaonyesha rangi nyekundu, na chini yake maelezo mafupi: majiko ya kuni ni marufuku hadi hali ibadilike, isipokuwa kwa nyumba isiyo na njia nyingine ya kupata joto. Jirani yangu, mzee ambaye kuni zake anapasua mwenyewe, kazifunika turubai na kurudi ndani bila neno. Mimi nilikaa na hasira, na hasira yenyewe si ya katazo. Nimekulia Mbeya, mji uliokaa bondeni kama huu, na katika utoto wangu wote hakuna mtu aliyetuambia kwamba kuna usiku ambao hewa yetu imefungwa.

Najua tayari kuna anayesema, "Amefika Marekani, sasa moshi wa kwao unamnukia." Ndugu yangu, nisome hadi mwisho ndipo unitukane.

Salt Lake iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna milima ya Wasatch, magharibi milima ya Oquirrh, na mji uko chini katikati. Mbeya iko juu zaidi, kwenye mita 1,700 hivi, na mlima Loleza unapanda nyuma ya mji kupita mita 2,600, huku safu ya Uporoto ikiwa upande wa pili. Kwa kawaida ukipanda mlima baridi inaongezeka. Lakini usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kuelekea angani haraka sana, na hewa inayoigusa inapoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito. Inateremka miteremkoni taratibu na kujikusanya bondeni, na juu yake inabaki hewa yenye joto zaidi. Hiyo hewa ya juu inakuwa kifuniko cha sufuria. Moshi unapanda kidogo, unafika mahali ambapo hewa inayouzunguka si nzito kuliko wenyewe, unasimama hapo na kutandaa.

Hapa niliona kwa macho. Tulipanda gari kwenda Alta, mahali watu wanapoteleza kwenye theluji. Mjini kipimo cha gari kilisoma nyuzi sita chini ya sifuri, na taa za magari ya mbele zilikuwa za njano hafifu ndani ya ukungu mchafu. Tulipanda korongo, na ghafla tukatoka kwenye jua kali na anga ya bluu, kipimo kikasoma nyuzi tatu juu ya sifuri. Nyuma yetu mji wote ulikuwa umezama chini ya kitu cha kijivu kilichonyooka juu kama maji ya bwawa. Mtu wa Mbeya aliyewahi kupanda Loleza alfajiri ya mwezi wa saba akageuka kuangalia mitaa ya Mwanjelwa chini anakijua kitu hicho. Tulikiita ukungu tu. Sehemu kubwa ya ukungu ule ulikuwa umetoka kwenye majiko yetu, mashimo yetu ya taka na malori ya Tunduma.

Sasa niseme jambo ambalo wanaoniita mwenye majivuno hawatalitegemea: kwa hewa, sisi tumebarikiwa kuliko hawa. Kifuniko cha Salt Lake kinakaa siku nyingi. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili jua lao linapita chini sana, theluji inalirudishia mwanga angani, ardhi haipati joto, na hewa nzito inalala bondeni mpaka dhoruba ije kuifagia. Kila siku inayopita magari yao yanaongeza. Na magari yao, jamani! Kila mtu peke yake kwenye gari linaloweza kubeba ukoo. Hewa inayotoka kwenye mabomba ya magari hayo inakutana na amonia, inayotoka hasa kwenye mifugo na mbolea, na baridi inaigeuza kuwa chembe laini mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo mji tajiri, usio na jiko la mkaa hata moja barabarani, unafika rangi nyekundu. Wala sijaja kuwasifia.

Mbeya kifuniko hufungwa usiku na kufunguliwa mchana. Mwezi wa saba jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni na kuchomoza karibu saa moja asubuhi, na hata kwenye kipupwe lina nguvu kuliko la Utah. Likishapiga ardhi kavu, hewa ya chini inapata joto na kuanza kupanda, na kwa kawaida kufikia saa nne au saa tano kifuniko kimevunjika. Mchana moshi una nafasi ya kupanda mamia mengi ya mita, pengine zaidi ya elfu, na upepo unauchukua.

Fanya hesabu nami. Tuseme saa nane mchana moshi unaweza kuchanganyika hadi mita 1,500 juu ya mji, na saa moja asubuhi unaishia mita 100. Moto ni uleule, taka ni zilezile, ila hewa ya kuupokea ni moja ya kumi na tano. Hapo sijahesabu upepo, ambao alfajiri kwa kawaida ni hafifu sana. Moto mmoja wa asubuhi unaweza kumvutisha mtoto moshi mara kumi na tano ya moto uleule wa mchana.

Na sisi tunawasha saa ngapi? Asubuhi na jioni. Tunafagia uwanja kukiwa bado na umande, tunakusanya majani, mifuko na chupa, tunatia kiberiti. Wanafunzi wanafika shule wakati hewa ni mbaya kuliko saa zote za siku, wanafanya usafi, halafu takataka zinachomwa kwenye shimo nyuma ya madarasa. Nakumbuka moshi wa pale: haukupanda. Ulifika usawa wa bati, ukainama, ukapita madirishani hadi ndani, na mwalimu akaendelea kufundisha huku tukikohoa. Hiyo ndiyo dalili, haitaki kipimo cha fedha nyingi. Ukiona moshi unapanda kisha unalala na kutambaa, kifuniko kiko chini. Dalili nyingine ni sauti: lori lililoko mbali barabara kuu linasikika usiku kana kwamba liko nyuma ya nyumba, kwa sababu hewa ya joto iliyo juu inaikunja sauti na kuirudisha chini.

Hapa Salt Lake sehemu ya kazi hiyo ya kutambua kifuniko inafanywa na ofisi ya hali ya hewa. Puto lenye vipimo linarushwa uwanja wa ndege mara mbili kwa siku, linapanda likituma joto la kila kimo. Kutokana na vipimo hivyo na utabiri wao wanakadiria kimo ambacho moshi unaweza kufika, wanakizidisha na kasi ya upepo, wanatoa namba moja kwa kila siku. Ikiwa chini ya 500, huruhusiwi kuchoma majani wala matawi ya uwanjani kwako. Mwenye uwanja anaangalia namba, anasubiri siku nyingine. Wanachonifurahisha ni kwamba hawamwambii asichome milele, wanamwambia lini hewa iko tayari kumpokea.

Hapo mkosoaji wangu anarudi: "Sisi tuna shida ya maji, ya umeme, ya bei ya mkaa, wewe unatuletea maputo." Sileti puto. Mkulima wa viazi kule Uporoto anajua tangu enzi za babu kwamba baridi ya kuunguza majani inaanza kushika bondeni, na shamba la mteremkoni linapona. Elimu ya kifuniko tunayo. Kilichobaki ni kuihamisha kutoka kwenye viazi kuja kwenye moshi.

Mwingine atauliza kama nataka mama lishe asiwashe jiko alfajiri. Hapana! Dereva wa lori na mtoto wa shule wanahitaji chai, na yule mama ana haki ya kupata riziki yake. Jiko lake lina saa yake isiyosogea. Ndiyo maana kila moto unaoweza kusogea unapaswa kumpisha, kwa kuwa yeye ndiye anayevuta moshi wake, wa jalala lililo jirani na wa injini za malori yaliyoegeshwa yakiunguruma bila kwenda popote tangu saa kumi usiku. Kuna madereva wanaoogopa injini haitawaka kwenye baridi, nawaelewa. Lakini Mbeya si Utah, na lori zima lenye betri nzima halihitaji saa mbili za kuunguruma.

Tanuri la tofali ni gumu zaidi, nalikubali. Likiwashwa linakwenda usiku na mchana kwa siku kadhaa, huwezi kuliambia lisubiri jua. Hapo la kuchagua ni mahali. Nimeona matanuri yamepangwa mteremkoni juu ya nyumba za watu kwa sababu udongo mzuri uko pale, na mwenye nalo anaamini kwamba moshi wa juu hautawafika walio chini. Usiku unawafika. Hewa baridi inayoteremka inaubeba kama maji yanavyofuata mfereji, mpaka kwenye vitanda vyao. Tanuri likae upande wa chini, mbali na makazi, mahali hewa inapotokea bondeni badala ya mahali inapoingilia.

Na msiniambie mchana ni hatari kwa sababu ya upepo wa kipupwe na nyasi kavu. Ni kweli, moto umewahi kuruka na kula milima. Ndiyo maana uwe shimoni, mdogo, na mtu asimame hapo mpaka uzime, na upepo ukiwa mkali usiwashwe. Kuanzia saa tano kwa kawaida kifuniko kimeshavunjika. Plastiki isichomwe saa yoyote, maana hiyo moshi wake ni sumu hata ukipata anga nzima.

Walimu wa Mbeya, ninyi ndio nawaomba kwanza. Usafi wa asubuhi uendelee kama kawaida, takataka zikusanywe zifunikwe, na kiberiti kikae ofisini. Wanafunzi wakishatoka madarasani na kwenda nyumbani saa nane, mmoja wenu abaki na mlinzi, mchome.