Bibop ilitoka wapi: kwenye vidole vya wapigaji au kwenye dhiki za Harlem?

Swali: Je, bibop, mtindo mpya wa jazz, ilikuwa mapinduzi ya kisanaa ya wanamuziki wachache wenye vipaji, au ilikuwa zao la vita, ubaguzi na uchumi wa New York wa miaka ya 1940?

Tarehe 26 Novemba 1945, jijini New York, mpiga saksafoni Charlie Parker aliingia studio kurekodi kwa ajili ya kampuni ndogo ya Savoy, akiwa na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, mpiga besi Curley Russell na mpiga dramu Max Roach. Kazi iliyotokana na siku hiyo iliitwa "Ko-Ko". Jaribio la kwanza limehifadhiwa, na humo tunasikia saksafoni na tarumbeta zikimaliza utangulizi na kuingia moja kwa moja katika melodia ya "Cherokee", wimbo wa Ray Noble wa mwaka 1938. Punde wanasimamishwa. Katika jaribio la pili melodia ile imeondolewa kabisa, na baada ya utangulizi Parker anaanza kubuni papo hapo juu ya kordi zilezile za "Cherokee", kwa kasi inayokaribia mapigo 300 kwa dakika.

Sababu ya kuiacha melodia inajulikana katika biashara ya muziki. Sheria ya hakimiliki ililinda melodia, lakini mfuatano wa kordi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja ili kuibeba melodia hiyo, haukuwa na mwenyewe. Aliyerekodi melodia ya Noble alipaswa kumlipa Noble. Aliyechukua kordi zake na kuziwekea melodia mpya hakudaiwa chochote, na zaidi ya hapo aliandikwa yeye kuwa mtunzi. Kwa hiyo jambo ambalo kozi nyingi hulieleza kuwa mtindo wa kisanaa wa bibop, yaani kutunga upya juu ya msingi wa kale, lilikuwa pia njia ya kampuni ndogo kukwepa malipo. Hata hivyo, fedha haziwezi kutueleza kwa nini Parker alichagua "Cherokee", wakati nyimbo nyepesi zilikuwa tele. Hapo ni lazima tuziangalie noti zenyewe.

Sehemu ya kati ya wimbo huo ina sifa ya kuwatisha wapigaji. Wimbo uko katika ufunguo wa B-flati, lakini sehemu ya kati inaruka nusu sauti kwenda juu hadi B, kisha inashuka sauti nzima hadi A, kisha tena hadi G, na kila ufunguo unapewa vipimo vinne tu kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Kwa kasi ya "Ko-Ko", vipimo vinne ni mapigo 16, ambayo ni zaidi kidogo ya sekunde tatu. Mpigaji anayesubiri kusikia kordi ndipo aamue noti ya kupiga atakuwa amechelewa. Parker hasubiri, mistari yake inaelekea kwenye kordi ijayo kabla haijafika, kwa kutumia noti za katikati zilizo nusu sauti juu au chini ya noti anayoilenga.

Msomaji aliyewahi kuimba kwaya kwa do-re-mi anaweza kulishika jambo la msingi zaidi katika harmonia ya bibop bila shida. Chukua kordi inayojengwa juu ya so: so, ti, re, fa. Noti mbili zinazoipa hamu ya kwenda do ni ti na fa. Ti inataka kupanda hadi do, na fa inataka kushuka hadi mi. Sasa jenga kordi ya aina hiyohiyo juu ya re iliyoshushwa nusu sauti. Utapata re hiyo ya chini, fa, la iliyoshushwa, na ti. Fa na ti zimebaki palepale, kwa hiyo hamu ya kufika do haijapungua, ila msingi umebadilika. Besi ambayo ingetembea re, so, do sasa inateleza re, re ya chini, do, kwa hatua za nusu sauti. Sikio linafika mahali palepale kwa njia nyingine. Mpiga piano Thelonious Monk na Gillespie walitumia ubadilishaji wa namna hii mara kwa mara hadi ukawa sehemu ya lugha ya kawaida ya kundi lao.

Lakini hawakuwa wa kwanza, na hapa hoja ya mapinduzi inaanza kulegea. Art Tatum alikuwa akibadilisha kordi kwa namna hiyo kwenye piano katika miaka ya 1930, wala mpiga saksafoni Coleman Hawkins hakuhitaji kufundishwa na vijana jinsi ya kuitembea kordi kwa undani. Rekodi yake ya "Body and Soul" ya Oktoba 1939 inaigusa melodia mwanzoni tu, kisha inaiacha na kufuata harmonia. Hawkins huyohuyo aliwaita Gillespie na Roach studio Februari 1944, katika vipindi ambavyo wengi huvihesabu kuwa rekodi za kwanza za bibop. Mzee anayewafungulia vijana mlango wa studio si dalili ya utawala uliopinduliwa. Kwa upande wa harmonia, basi, naona mwendelezo ulioongezwa kasi na msongamano.

Upande wa mdundo ni tofauti, na nadhani walimu wengi wanaupa nafasi ndogo kuliko unavyostahili, pengine kwa sababu ni vigumu kuuandika ubaoni. Katika bendi kubwa za swing, yaani jazz ya kuchezea dansi iliyotangulia bibop, mpiga dramu aliweka muda kwa dramu kubwa ya mguu, mapigo manne kila kipimo, na wachezaji dansi waliufuata mguu huo. Jo Jones wa bendi ya Count Basie alikuwa ameanza kulihamishia jukumu hilo kwenye matoazi pacha ya mguu. Kenny Clarke akaenda mbali zaidi, akaliweka kwenye toazi kubwa linalopigwa kwa mkono wa kulia, likavuma mfululizo bila kukatika. Mwenyewe alieleza kwamba mwanzo wake ulikuwa uchovu: katika bendi ya Teddy Hill kasi ilikuwa kubwa mno kwa mguu kupiga mapigo yote manne, akaanza kuyakatakata.

Matokeo yake yalizidi sana chanzo hicho kidogo. Mguu ulipoachiliwa, dramu kubwa ikawa sauti ya kuchokoza: ikalipuka mahali pasipotarajiwa, ikimjibu au kumsukuma mpiga saksafoni, na wanamuziki wakaita milipuko hiyo mabomu. Tangu hapo mpiga solo hakuwa na kipimo cha kuegemea kama ukuta. Sikiliza jinsi Parker anavyoanza sentensi zake za muziki katikati ya kipimo, anavyozimaliza kwenye nusu ya pili ya pigo, na anavyoweka mkazo juu ya noti ambayo kordi yake haijafika au imeshapita. Urefu wa sentensi hizo haugawanyiki katika vipimo vinne-vinne. Haya hayakuwahi kusikika kwa pamoja hapo awali, na kama neno mapinduzi lina mahali pake katika somo hili, ni hapa.

Teddy Hill huyo, ambaye Clarke alikuwa amempigia katika bendi yake, ndiye aliyekabidhiwa usimamizi wa Minton's Playhouse, kwenye Mtaa wa 118 wa Harlem, eneo la Weusi jijini New York, mwishoni mwa 1940. Akamwajiri Clarke kuunda kundi la nyumbani, na Monk akakaa kwenye piano. Mwenye klabu, Henry Minton, alikuwa mwakilishi wa kwanza Mweusi katika tawi la New York la chama cha wanamuziki. Chama hicho kilikataza wanachama wake kupiga bure nje ya kazi rasmi na kuwatoza faini waliokamatwa, lakini kwa Minton wapigaji walistarehe. Usiku wa Jumatatu waliandaliwa hata chakula. Hivyo palipatikana kitu adimu: chumba ambamo wataalamu waliochoka na kazi ya bendi kubwa walipigiana wao kwa wao, bila mwajiri wala mchezaji dansi wa kuridhishwa.

Wanaosisitiza uasi wa kijamii huongeza, kwa haki, kwamba bendi za Weusi zilinyimwa mikataba minono ya hoteli na redio waliyopewa bendi za Wazungu zilizopiga muziki waliojifunza kutoka kwao. Mwanamuziki Mweusi mwenye ujuzi wa juu alilala kwenye basi kusini mwa nchi kwa sababu hoteli hazikumpokea. Agosti 1943 Harlem yenyewe ililipuka baada ya polisi Mzungu kumpiga risasi mwanajeshi Mweusi. Kutengeneza muziki mgumu kuibiwa, katika hali hiyo, kunaeleweka. Hata hivyo kundi la Parker na Gillespie lililosafiri hadi Hollywood mwishoni mwa 1945 lilikuwa na Al Haig kwenye piano na Stan Levey kwenye dramu, wote Wazungu. Ugumu ulikuwa mlango wenye kufuli, na ufunguo ulikuwa ujuzi, aliyeweza aliingia.

Sababu nyingine zinazotajwa zinahitaji kuwekwa kwenye tarehe zake. Kodi ya vita ya mwaka 1944, iliyofikia asilimia 30 kabla ya kushushwa hadi 20, ililenga kumbi zenye dansi na uimbaji, na hivyo kuvisaidia vilabu vidogo vya kusikiliza muziki wa vyombo pekee. Lakini majaribio ya Minton's yalikuwa yameshakomaa miaka mitatu kabla. Kodi ilieneza bibop, haikuizaa. Mgomo wa wanamuziki dhidi ya kurekodi ulioanza tarehe 1 Agosti 1942 nao hauna mchango katika noti, ila umeathiri sana masikio yetu. Mwaka 1943 Parker na Gillespie walikuwa pamoja katika bendi ya Earl Hines, na bendi hiyo haikuingia studio. Tunaruka kutoka swing hadi "Ko-Ko" na kusikia mshindo, kwa sababu hatua za katikati hazikunaswa.

Kwa hiyo jibu langu linaegemea upande wa wapigaji kuhusu noti, na upande wa mazingira kuhusu hatima ya noti hizo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kiangazi cha 1945, Gillespie alipopeleka bendi kubwa kusini pamoja na wachezaji dansi maarufu, ndugu wawili wa Nicholas. Wapigaji walikuwa hodari, na kordi na mabomu ya dramu yalikuwa yaleyale. Lakini watu walikuja kwenye kumbi kucheza, miguu yao ikatafuta pigo la chini lililokuwa limehamia kwenye toazi, na hawakulipata. Ziara haikufanikiwa, bendi ikavunjwa, na Gillespie akarudi New York kwenye kundi dogo, mbele ya wasikilizaji waliokaa vitini.