Kibali nimekiona, sasa nionyeshe na ramani yake

Mtu akitaka kukodi pahala pa biashara hapa Unguja maswali yake tunayajua sote. Kodi shilingi ngapi, kilemba kiasi gani, tukuza ni ya peke yake au ya kuchangia, maji ya ZAWA yanatoka au unachimba kisima, gari ya mzigo inafika mlangoni au mpaka wachukuzi. Basi. Suala la kibali cha ujenzi likitokea ni pale dalali anapotoa fotokopi moja imekunjika mara nne, anakupungia mbele ya uso kisha anairudisha mfukoni, "kila kitu kipo bwana, mwenyewe mtu mzima huyu". Na wewe kwa muhali unanyamaza, mana kumwambia mtu mzima hebu nikitizame hicho kikaratasi ni kama umemwita muongo.

Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za majengo na kusimamia mafundi, na msimamo wangu ni kwamba kuuliza kibali kipo au hakipo ni swali nusu. Vibali vipo tele. La kuuliza ni kibali kinasema jengo hili ni la nini na la ghorofa ngapi, halafu unanyanyua macho unatizama ulichosimama mbele yake, vinafanana au vimeachana.

Nitoe mfano wa shemegi yangu, ambaye kaniruhusu kusimulia bila ya kumtaja. Anauza taili. Kapata nafasi maeneo ya Mwanakwerekwe, ghorofa ya kwanza, chumba kikubwa kweli kweli, chini kuna maduka na juu yake kuna ghorofa nyengine wanaishi wapangaji. Bei nzuri, barabara ipo, akasema chini nitakodi kijimlango kidogo cha kuonyeshea na mzigo wote nitaupandisha juu. Kilemba kilishakubaliwa kwa mdomo. Nikamwambia kabla ya kutoa hata shilingi muombe mwenye jengo vitu vitatu, barua ya kibali, ramani iliyogongwa muhuri pamoja na hicho kibali, na cheti cha kuruhusu jengo litumike, yani ile karatasi inayotoka baada ya wakaguzi kuja mwisho wa ujenzi.

Barua ikaja siku ile ile. Ramani ikachukua muda kidogo, ikaja. Cheti hakikuja, na baadae mwenyewe akasema hakuwahi kukiomba, mana alihamia wakati juu hapajaisha.

Sasa tukakaa na ile barua. Matumizi: nyumba ya kuishi. Idadi: chini na ghorofa moja. Jengo tulilosimama mbele yake lina chini, ghorofa ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo karatasi ni ya kweli kabisa, muhuri wa kweli, kiwanja ndicho chenyewe, ila ni kibali cha jengo jengine ambalo lilikuwepo kwenye ramani tu halikuwahi kusimama vile. Na hichi ndicho kinachowapita watu wengi, wanatafuta kughushi wakati hakuna aliyeghushi kitu.

Mtu atasema sasa nyumba ya kuishi na stoo ya taili vina tofauti gani, zege ni zege. Hapa ndo pahala pa kutuliza akili. Muhandisi akipiga hesabu za slebu anaanza na mzigo atakaoubeba, na mzigo anauchukua kwenye matumizi. Kwa vyumba vya kuishi hesabu iliyozoeleka ni kama kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba, watu, makochi, kabati, kitanda. Duka linapanda mpaka kama kilo 400. Stoo ni zaidi ya hapo na inategemea unarundika mpaka urefu gani. Boksi moja la taili za 60 kwa 60, lile la vipande vinne, lina kilo kama 28. Shemegi yangu alitaka kuzipanga juu ya paleti, boksi 40 kila paleti, piga hesabu ni kilo 1,120, na paleti yenyewe inakalia mita ya mraba moja na kidogo. Yani zaidi ya kilo 900 pahala palipopigiwa hesabu ya 150. Mara sita! Na yeye alikuwa na mpango wa paleti kumi na zaidi na akizidiwa apandishe moja juu ya mwenzake.

Slebu haianguki siku hiyo hiyo, na hilo ndilo linalowapa watu moyo. Ina akiba yake ndani, mana muhandisi huzidisha kidogo kwa usalama, lakini ile akiba hujui ishaliwa na nini, pengine nondo zilipungua, pengine zege lilichanganywa kwa macho na maji mengi, pengine mchanga ulikuwa wa pwani una chumvi na nondo zinaoza kimya kimya. Na katika jengo hili akiba ya nguzo na msingi nayo ishaliwa na ghorofa nzima ya juu ambayo haimo kwenye ramani. Tulizipima nguzo za chini kwa futi ya fundi, sentimita 23 kwa 23, sawa sawa na ilivyochorwa kwa ghorofa moja. Msingi nao bila shaka ulichimbwa kwa hesabu ile ile, huwezi kuutanua ukiwa ushazikwa.

Na dalili zilikuwepo ukizijua. Kwenye ngazi ya kupandia ghorofa ya pili matofali yake rangi nyengine, plasta yake nyengine, inaonyesha imekuja miaka ya mbele. Pembe za madirisha ya chini zina nyufa za kwenda mshazari, sio zile nyuzi nyuzi za plasta kukauka, hizi ncha ya kalamu inaingia. Mlango mmoja wa chini haufungi mpaka uusukume na bega. Kila kimoja peke yake utakitafutia sababu, vyote pamoja na ile barua ni habari nyengine.

Ndo mana mimi nakitaka sana hicho cheti cha mwisho kuliko hata kibali. Kibali ni ahadi, mtu kasema nitajenga hivi, ofisi ikamwambia jenga. Cheti ni mkaguzi kaja na ramani mkononi kalitizama jengo likishasimama. Kama mwenye jengo huyu angekiomba, ghorofa ya pili ingeonekana pale pale. Wengi hawakiombi, na wengine ni kwa sababu wanajua kitakachoonekana.

Shemegi yangu hakukodi, kapata banda la chini huko huko Magharibi, sakafu imelala juu ya ardhi, arundike atakavyo. Mwenye jengo alinuna kidogo. Sikumlaumu, yeye anaona wenzake wote mtaani wamepandisha na hakuna aliyewauliza.

Watu wanasema haya mambo ya Dar. Ni kweli tarehe 29 Machi 2013 lilipoanguka lile la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi wakafa watu 36, ilielezwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa, na la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024 kila mtu kaliona kwenye simu yake. Lakini na sisi hapa sehemu kubwa ya Beit al Ajaib ilituangukia mchana kweupe tarehe 25 Disemba 2020, jengo la serikali, kwenye matengenezo, na watu wakafa.

Nikishataja Beit al Ajaib niseme na Mji Mkongwe kidogo, mana huko mambo ni mbali. Nyumba ina miaka mia na zaidi, ukimuomba mwenyewe kibali cha kwanza cha ujenzi utakuwa unamtania. Huko unaomba kibali cha matengenezo ya mwisho, na kinatoka Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hao ndo wenye sheria yao ya 2010. Zile dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndo mana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wake ni urefu wa boriti, mita tatu hivi. Sasa anakuja mtu anataka kufanya hoteli anamwaga zege juu kwa ajili ya choo, anaweka tangi la lita 5,000 juu ya paa, hizo ni tani tano likijaa, na maji yakivuja yanaingia ukutani kwenye vichwa vya boriti pahala usipopaona, zinaoza ndani. Ukikuta choo kipya juu, uliza kibali chake. Na wewe mpangaji ukitaka kubadilisha mlango au kutundika kibao cha biashara ruhusa ya Mamlaka inakuhusu vile vile, usidhani mwenye nyumba ndo wa mwisho.

Jambo jengine dogo: muhuri wa sheha. Nimeona watu wanaleta karatasi ya mauziano imesainiwa kwa sheha wanaona imemaliza. Sheha anashuhudia kwamba fulani na fulani wamekubaliana mbele yake. Hakupima nguzo. Na hati ya ardhi nayo hivyo hivyo, inakwambia kiwanja ni cha nani, haikwambii kilichojengwa juu yake kimeruhusiwa. Anayenunua anahitaji vyote, na fotokopi asiiamini mpaka aipeleke mwenyewe ofisi iliyotoa kibali, awasomee namba ya kiwanja na namba ya kibali watizame kwenye faili lao, faili ndilo lenye ramani ya kweli.

Kama pahala umepapenda na cheti hakipo, usikimbie moja kwa moja. Mwenye jengo anaweza kuomba ukaguzi sasa hivi, na kama matumizi yamebadilika aombe kubadilishiwa, alete muhandisi aliyesajiliwa aandike slebu inabeba kilo ngapi kwa mita. Gharama ni zake kwa maoni yangu, jengo ni lake, ila nimeona wanaogawana na mpangaji kwa kukata kwenye kodi, sawa tu. Cha kugombania ni kilemba kitolewe lini. Kwenye mkataba wa shemegi yangu wa lile banda tuliandika hivi: mpangaji atalipa kilemba baada ya kupokea nakala ya kibali chenye matumizi ya ghala na barua ya ukaguzi, na ikiwa mamlaka yoyote italifunga jengo kwa kasoro ya kibali, mwenye jengo atarudisha kilemba chote na kodi ya miezi iliyobaki ndani ya siku 30. Mwenye banda aliisoma mara mbili, akauliza kwani kuna nini, kisha akasaini.