Salio kwanza, barua baadaye

Ushauri mwingi kuhusu barua ya kuomba likizo unahusu lugha: anza kwa heshima, taja sababu, malizia kwa shukrani. Sina ugomvi na adabu, ila adabu haiongezi siku. Barua nyingi zinazorudishwa hazina kosa la lugha. Zinarudishwa kwa sababu mwombaji ameomba siku 10 ilhali anazo 8, au anazo 10 lakini bado hazijaingia kwenye hesabu yake tarehe anayotaka kuondoka.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni namba moja: ile unayoiona kwenye slipu ya mshahara au kwenye mfumo wa ofisi, iliyoandikwa "salio la likizo". Kila mtu anaisoma kana kwamba ina maana moja, kumbe inaweza kuwa na tatu. Inaweza kuwa haki yako ya mwaka mzima, ukitoa siku ulizokwisha kutumia. Inaweza kuwa siku ulizolimbikiza mpaka leo. Au inaweza kuwa siku ulizolimbikiza, ukitoa na zile ulizoomba ambazo bado zinasubiri idhini. Mwajiri anayeweka namba hiyo bila kueleza ni ipi kati ya hizo anajitafutia kazi ya kurudisha barua, na hapo simlaumu mwombaji hata kidogo.

Kuna njia rahisi ya kuibaini. Chukua slipu za miezi miwili iliyofuatana ambayo hukwenda likizo, uzilinganishe. Kama salio limepanda, unaona siku zinazojilimbikiza mwezi kwa mwezi. Kama limebaki palepale, unaona haki ya mwaka mzima, na sehemu yake bado hujaifanyia kazi. Kuhusu maombi yanayosubiri, fungua ombi lako la mwisho uone kama namba ilipungua siku ulipolituma au siku lilipokubaliwa.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi ana haki ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mwaka wa likizo unaanza Januari. Gawanya 21 kwa miezi 12, unapata 1.75 kwa mwezi, na kwa kanuni za kwao siku hizo huingia siku ya mwisho ya mwezi. Mwaka jana alibakiza siku 4 za kiporo, zinazokufa Machi 31 zisipotumika. Februari alipumzika siku 3. Ameshaomba siku 2 za Juni, bado hazijaidhinishwa. Sasa ni katikati ya Mei, na anataka siku 10 kuanzia Jumatatu, Julai 6.

Mfumo wa ofisi yake unaonyesha haki ya mwaka mzima, kwa hiyo anaona 21. Akiamini namba hiyo, ataandika barua bila wasiwasi. Lakini mpaka mwisho wa Aprili amelimbikiza miezi 4 tu, yaani siku 7. Wengi wakifika hapa hukata tamaa na kupunguza ombi liwe siku 7, na hilo nalo si sahihi. Swali si una ngapi leo. Swali ni utakuwa na ngapi asubuhi ya Julai 6. Mpaka Juni 30 atakuwa amelimbikiza miezi 6 mara 1.75, yaani siku 10.5. Toa 2 zinazosubiri idhini, zinabaki 8.5. Hizo ndizo siku zake. Siku 10 hazipo.

Zile 3 za Februari sikuzitoa, na hapo ndipo hesabu za wengi zinapopishana na za ofisi ya utumishi. Nimechukulia kwamba zilikatwa kwenye kiporo kwanza, hivyo kiporo kikabaki na siku 1, ikafa mwisho wa Machi. Kama kanuni zao zinasema hukatwa kwanza siku za mwaka huu, basi kiporo chote cha siku 4 kilikufa, na salio la Julai linashuka kutoka 8.5 hadi 5.5. Mtu yuleyule na mapumziko yaleyale, lakini tofauti ni siku 3 nzima, kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kanuni za utumishi. Binafsi naona kukata siku za mwaka huu huku za zamani zinangoja kufa ni uonevu, lakini kama ndivyo ilivyoandikwa, barua yako haitaibadilisha.

Tarehe ya kuondoka nayo ina uzito wake. Angetaka kuanza Jumatatu, Juni 29, siku za Juni zingekuwa hazijaingia. Angekuwa na 8.75, toa 2, zinabaki 6.75. Kusogeza safari kwa wiki moja kumempa karibu siku mbili. Ofisi nyingine huruhusu kukopa siku ambazo bado hujazilimbikiza, na si vibaya kukopa, mradi ujue kwamba ni deni. Ukiacha kazi kabla hujalilipa, mara nyingi hukatwa kwenye malipo yako ya mwisho. Ukitaka kukopa, sema wazi kwenye barua kwamba unakopa. Usiache mtu wa utumishi aligundue mwenyewe.

Baada ya hapo, hesabu siku zenyewe. Kwa siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki inayofuata ni siku 10. Kwa siku za kalenda, kipindi hichohicho ni siku 12, kwa sababu Jumamosi na Jumapili ya katikati zinahesabiwa. Kuhusu sikukuu, Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema sikukuu za umma zisihesabiwe ndani ya kiwango cha chini cha likizo ya mwaka. Hata hivyo mkataba huzifunga nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo kinachokuhusu ni sheria ya ulipo na mkataba wako wa ajira.

Mwenzetu akishajua ana 8.5, barua inajiandika yenyewe: "Naomba likizo ya mwaka ya siku 8 za kazi, kuanzia Jumatatu, Julai 6 hadi Jumatano, Julai 15. Nitarejea kazini Alhamisi, Julai 16. Kufikia Juni 30 nitakuwa nimelimbikiza siku 10.5, nikitoa siku 2 za Juni zinazosubiri idhini, nabaki na 8.5." Msimamizi hana haja ya kumuuliza mtu. Ataangalia tu kama kazi inaruhusu aondoke, na hilo ndilo swali lake hasa.

Kama hesabu yako na ya mfumo hazikubaliani, usimalizie ugomvi huo ndani ya barua ya likizo. Andika ujumbe mfupi kwa afisa utumishi kwanza: "Naona salio 5.5, mimi napata 8.5. Je, siku 3 za Februari zilikatwa kwenye kiporo au kwenye siku za mwaka huu?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa sentensi moja. Ukiuliza "nina siku ngapi?" utasomewa namba ileile uliyokwisha kuiona.