Dakika kumi na mbili, na mita 150 zilizonidanganya

Shemeji yangu wa Arusha alinitumia ujumbe: "Nimefika 44, wewe una ngapi?" Alikuwa amekimbia dakika 12, akaweka umbali wake kwenye ile fomula ya Cooper, akapata namba. Nilijibu kwamba mimi nina mita, sina namba. Alidhani nakwepa.

Kipimo hiki kilitolewa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani. Aliwakimbiza wanaume 115 wa jeshi hilo kwa dakika 12, kisha akalinganisha umbali wa kila mmoja na oksijeni ambayo mwili wake uliweza kutumia ulipopimwa maabara. Vitu hivyo viwili vilikwenda pamoja kwa karibu sana, na fomula ikatoka hapo:

```
VO2max = (mita - 504.9) / 44.73
```

Jibu, yaani VO2max, ni oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia, kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Lakini ni makadirio yaliyotokana na askari vijana wa Kimarekani. Watu wawili wenye mapafu na moyo sawa wanaweza kupishana uwanjani kwa sababu tu mmoja anakimbia kwa hatua nyepesi na mwingine anajikokota. Ndiyo maana daftari langu lina mita tupu, na mtu ninayejilinganisha naye ni mimi mwenyewe.

Nakimbia kwenye uwanja wa nyasi wa shule, hapa Dar. Hauna mita 400. Niliupima kwa tepu ya mafundi, nikifuata mstari wa ndani, nikapata mita 312. Mwanangu hukaa golini na kokoto mkononi: nikipita, anahamisha moja kwenda mkono wa pili, na dakika 12 zikitimia anapuliza filimbi. Kokoto zina kazi yake. Ukikosea mzunguko mmoja tu kwenye uwanja kama huu, fomula inakuongezea au kukupunguzia karibu 7, na mtu aliyeishiwa pumzi hahesabu vizuri. Halafu lazima ufuate mstari uleule. Ukitoka nje yake kwa mita moja, kila mzunguko unarefuka kwa zaidi ya mita 6. Mizunguko saba ni mita 44 ulizokimbia ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mwanzoni mwa Machi nilipata mita 2,140. Wiki mbili baadaye, 2,290. Nilifurahi mpaka nikamtangazia mke wangu. Kisha nikaangalia muda wa kila mzunguko, ambao mtoto alikuwa akiuandika. Mara ya kwanza nilianza kwa sekunde 82 kama mtoto wa shule kwenye mchakamchaka, nikashuka hadi 95, 104, 112, 115, na wa sita ukanichukua 118. Mara ya pili mizunguko yote ilikuwa kati ya sekunde 96 na 101. Wiki mbili haziwezi kuujenga mwili kiasi hicho. Nilichokuwa nimejifunza ni kugawa pumzi. Kwa maoni yangu jaribio la kwanza lifutwe kabisa, nawe uanze kuhesabu kuanzia la pili. Wanaojisifu kwamba wamepanda sana ndani ya mwezi mmoja, wengi wamepanda hapo.

Mwisho wa Julai, saa ileile ya jioni, nilifika 2,420. Desemba nikarudi 2,350, na sikuwa nimeacha mazoezi hata wiki moja. Ukitazama namba peke yake utasema nimeshuka. Lakini Julai Dar kuna kaupepo, jua halichomi, wakati Desemba jasho linakutoka hata ukiwa umesimama. Kwenye joto sehemu ya damu inapelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili, miguu inabaki na kidogo, moyo unakimbizana na kazi mbili. Kwa hiyo Desemba siilinganishi na Julai. Naiweka kando ya lile jaribio la pili la Machi, nyuzijoto zikikaribiana: 2,290 na 2,350. Miezi tisa, mita 60. Hizo naziamini.

Shemeji naye yuko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo. 44 yake ya Arusha huenda ingekuwa zaidi akishuka pwani asubuhi ya Julai, au pungufu akija Februari saa kumi jioni. Nimemwambia aje tu, kokoto zipo. Ila kwanza aende akapimwe presha, maana hizi ni dakika 12 za kukimbia mpaka mwisho wa uwezo, naye mara ya mwisho kumwona daktari ilikuwa kabla ya harusi.