Rola ya povu na mapaja yanayouma: ushahidi unafika wapi

“Juzi nimeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, leo mapaja yananiuma mpaka ngazi nashuka kinyumenyume. Rafiki yangu kaniletea rola ya povu, silinda ya kulalia na kujiviringisha juu yake, anasema inatoa asidi kwenye misuli na kuachanisha nyama zilizoshikana. Nitumie, au ni mbwembwe za jimu tu?”

Itumie ukipenda. Inaweza kukupa nafuu kidogo, tena ya muda, na kwa dakika kadhaa goti litakunjika vizuri zaidi. Ila maelezo ya rafiki yako hayasimami, na wanaoiuza rola hiyo huahidi zaidi ya kile ambacho vipimo vimeonyesha. Mambo haya mawili inafaa yatenganishwe, kwa sababu mtu akishagundua kwamba maelezo ni ya uongo huitupa rola yenyewe, na akishaona nafuu huyaamini maelezo yote.

Tuanze na maumivu yako. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo karibu mita 3,100, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki. Kila hatua goti linapokunjika kupokea uzito wako, msuli unakaza huku unavutwa kurefuka. Kazi ya namna hiyo, kukaza na kurefushwa kwa wakati mmoja, ndiyo inayoumiza nyuzi za misuli kuliko kupanda. Nyuzi hupata majeraha madogo sana, mwili huanza kuyatengeneza, na mishipa ya fahamu ya pale huwa myepesi wa kushtuka hata kwa mguso wa kawaida. Ndiyo maana maumivu hayakuja siku ileile. Huanza kesho yake, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi.

Asidi haihusiki. Mwaka 1983 watafiti waliwakimbiza watu kwenye mashine, mara mahali tambarare, mara kwenye mteremko. Waliokimbia tambarare ndio damu yao ilipanda asidi ya laktiki, na misuli yao haikuuma. Waliokimbia mteremkoni asidi yao haikupanda, na ndio walioumwa siku zilizofuata. Isitoshe, asidi hiyo huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Juzi usiku ukiwa kambini ilikuwa imekwisha kuondoka. Leo rola haina cha kutoa.

Hoja ya nyama zilizoshikana nayo ina shida. Umewahi kumwona muuza nyama akihangaika na ule utando mweupe unaofunika mnofu, anaukwangua kwa kisu na bado haung'oki? Nasi tunao. Ule wa pembeni ya paja ni mgumu sana, na mwaka 2008 wataalamu walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuubadilisha umbo. Waligundua kwamba hata kuubana kwa asilimia 1 tu kungehitaji nguvu iliyo nje ya kiwango ambacho mwili wa binadamu hukutana nacho. Ukilala juu ya silinda ya povu hufiki huko. Na kama ungefika, ungejiumiza.

Sasa upande wa pili, maana upo na una uzito wake.

Jaribio linalotajwa sana kutetea rola lilichapishwa mwaka 2015. Vijana wa kiume 8 wenye mazoea ya mazoezi walichuchumaa na chuma mabegani, seti 10 za mara 10, kwa asilimia 60 ya uzito mkubwa kabisa ambao kila mmoja aliweza kuunyanyua mara moja. Ukijaribu hilo, kesho yake utajua. Walilifanya mara mbili, majuma 4 kati ya mara moja na nyingine. Awamu moja walipumzika tu. Awamu nyingine walitumia rola dakika 20 mara baada ya mazoezi, dakika 20 baada ya saa 24, na 20 tena baada ya saa 48. Paja likabonyezwa kwa kifaa kinachopima ni shinikizo gani linaanza kuuma. Awamu ya rola, paja lilivumilia shinikizo kubwa zaidi, na mbio fupi na kuruka vilipungua kidogo kuliko walipopumzika tu.

Matokeo hayo ni mazuri na siyapuuzi. Lakini angalia mambo matatu. Watu walikuwa 8, idadi ambayo mmoja au wawili wanatosha kuipindisha. Muda wa rola ulikuwa saa nzima kwa siku tatu, wakati wengi wetu hujiviringisha dakika tano huku tukiangalia simu. La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: kila mshiriki alijua yuko awamu ipi. Ukimpa mtu kidonge unaweza kumficha kama kina dawa au unga mtupu. Rola haifichiki. Mtu aliyejitesa saa nzima sakafuni ana kila sababu ya kutaraji nafuu, na maumivu ni kitu kinachosikiliza matarajio.

Majaribio mengi yalipokusanywa pamoja mwaka 2019, jumla yake 21, sura ikawa tulivu zaidi. Kwa wastani, kutumia rola baada ya mazoezi kulipunguza maumivu yanayohisiwa kwa takriban asilimia 6. Tuiweke kwenye paja lako. Tuseme kwenye mstari wa 0 hadi 100 leo maumivu yako ni 50. Asilimia 6 ya hapo ni 3. Utatoka 50 hadi 47. Ngazini huenda usione tofauti yoyote. Wastani huo hata hivyo unaficha watu: wapo walionufaika zaidi na wapo ambao hawakunufaika hata kidogo, na hakuna njia ya kujua wewe ni yupi isipokuwa kujaribu.

Kuna kidokezo kimoja ambacho kwangu kinaeleza mengi. Katika majaribio kadhaa watafiti walisugua mguu mmoja tu, kisha wakapima yote miwili. Mguu ambao haukuguswa nao ulivumilia shinikizo zaidi. Rola haiwezi kuachanisha nyama za mguu ambao haukuguswa. Kilichobadilika ni jinsi uti wa mgongo na ubongo vinavyopokea taarifa ya maumivu, kama vile unavyousugua mkono baada ya kujigonga kwenye pembe ya meza, ukapoa. Hilo halifanyi nafuu kuwa ya kubuni. Mtu anayeumwa kidogo hutembea, na anayetembea hupona bila kukakamaa. Lakini linaeleza kwa nini nafuu haidumu: uzi ulioumia bado umeumia, na utapona kwa muda wake.

Kuhusu upeo wa mwendo wa viungo, ushahidi ni imara zaidi, na mjadala wake ni mwingine. Mwaka 2013 watu 11 walisugua mapaja ya mbele kwa dakika moja, mara mbili. Dakika 2 baadaye goti lilikunjika digrii 10 zaidi. Dakika 10 baadaye, digrii 8. Nguvu ya paja haikupungua. Kwa mchezaji hilo lina maana, kwa sababu kujinyoosha na kukaa palepale kwa zaidi ya dakika moja kwa kila msuli kunaweza kupunguza nguvu kidogo kwa muda mfupi. Rola haijaonyesha tabia hiyo.

Basi kwa nini nisiwashauri wote waikimbilie? Kwa sababu swali si kama inafanya kazi kuliko kukaa bure. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliilinganisha na kujinyoosha ukakuta zinalingana. Mwingine wa 2024 ukauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: je, ukiilinganisha na kupasha mwili moto kwa njia yoyote nyingine, mathalani kukimbia polepole au kuendesha baiskeli? Hapo ubora wa rola ukatoweka, na wa kujinyoosha vilevile. Msuli uliopashwa moto hurefuka vizuri, na viungo havijali moto umetoka wapi.

Wanaoitumia kwa mazoea hupata kitu zaidi, lakini kwa subira. Majaribio 11 yaliyokusanywa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba ongezeko la mwendo huja ukivuka wiki 4, na huja kwenye misuli ya paja, mbele na nyuma. Kwenye kigimbi halikuonekana.

Kwako wewe wa leo, ningefanya hivi. Tembea dakika kumi kwanza mahali tambarare. Kisha lala kifudifudi, rola chini ya paja, uzito wako kwenye viwiko, na usogee polepole kutoka juu kidogo ya goti hadi karibu na nyonga. Majaribio yaliyolinganisha muda yanaelekeza kwenye sekunde 90 kwa kila kundi la misuli. Chini ya hapo nafuu ya maumivu haieleweki. Shinikizo liwe la kukera lakini linaloruhusu kupumua kawaida. Ukijikuta umeshika pumzi na kukunja uso, mguu mwingine ubaki chini kukupunguzia uzito. Usipite juu ya goti, na usibonyeze palipovilia damu. Kisha pima mwenyewe: shuka ngazi zilezile kabla na baada, mara moja, na tena baada ya saa moja. Ukiona tofauti, una sababu ya kuendelea kesho. Usipoiona, mrudishie rafiki yako rola yake bila majuto.

Kuna hali ambazo rola haitakiwi kabisa. Mkojo ukiwa wa rangi ya kola au chai ya rangi iliyokolea, na misuli imevimba na kulegea, nenda hospitali leo, maana huenda misuli imevunjika kiasi cha kuhatarisha figo. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma baada ya safari ndefu ya basi au ndege, usilisugue. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyepoteza hisia miguuni kwa sababu ya kisukari, amwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuna kinga moja ambayo rola haiikaribii. Msuli uliopitia mteremko mara moja huumia kidogo sana mara ya pili, na kinga hiyo hudumu majuma kadhaa. Wapagazi wa Mweka hushuka na mizigo na kesho kutwa wanapanda tena. Ukirudi mlimani mwakani, tafuta kilima au ghorofa lenye ngazi nyingi majuma mawili matatu kabla, ushuke taratibu mara chache, ukianza na dakika kumi. Mapaja yatauma kidogo wiki hiyo ukiwa nyumbani.